Kutoa Sauti ya Mhadhara Kutoka Katika Video Kabla ya Kuituma

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania anayefika Singida mjini kuhifadhi mhadhara uliorekodiwa kwa video, kisha anawatumia wenzake 8 wanaoishi Iguguno, wilayani Mkalama. Mhadhara ni wa saa 1 na faili lake lina megabaiti 420. Kila mpokeaji atatumia megabaiti hizo kutoka katika kifurushi chake, na kwa pamoja watatumia megabaiti 3,360, ilhali kwa sehemu kubwa ya saa hiyo picha inamwonesha mhadhiri amesimama mahali pamoja.

Kutoa sauti humsaidia yule ambaye bado hajapokea faili. Aliyekwisha kupakua video nzima hawezi kurudishiwa kifurushi chake kwa kuondoa picha baadaye; atakachookoa ni nafasi katika simu tu. Kwa hiyo, kazi hii ifanywe na mtu wa kwanza mwenye faili, kwa kompyuta yake au ya steshenari.

Faili la video ni kama bahasha yenye vitu viwili, picha na sauti, vilivyobanwa kila kimoja kwa namna yake. Katika bahasha ya MP4, sauti kwa kawaida imebanwa kwa AAC. Katika WEBM, mara nyingi imebanwa kwa Opus. Programu ya bure iitwayo FFmpeg huonesha kilichomo:

```
ffmpeg -i somo.mp4
```

Tafuta mstari wenye neno `Audio`. Programu italalamika kwamba hukutaja faili la kutoa. Lalamiko hilo lipuuzwe, kwa kuwa hapa tunasoma tu. Iwapo mstari unasema `aac` na `128 kb/s`, sauti tayari iko katika hali nzuri, na haina haja ya kubanwa upya:

```
ffmpeg -i somo.mp4 -vn -c:a copy somo.m4a
```

Sehemu ya `-vn` huacha picha, na `copy` hunakili sauti kama ilivyo. Kazi huisha kwa sekunde chache na ubora haupungui hata kidogo. Kilobiti 128 kwa sekunde, kwa sekunde 3,600, ni takribani megabaiti 58. Wenzake 8 sasa watatumia megabaiti 464.

Iwapo kiasi hicho bado ni kikubwa, sauti ibanwe upya kwa Opus, mfumo uliosanifishwa mwaka 2012 na unaomudu vizuri sauti ya mtu anayezungumza hata kwa kiwango kidogo:

```
ffmpeg -i somo.mp4 -vn -c:a libopus -b:a 24k -ac 1 somo.ogg
```

Hapa tumeomba kilobiti 24 na mkondo mmoja wa sauti badala ya miwili ya kushoto na kulia. Faili litakuwa na takribani megabaiti 11, yaani 88 kwa wapokeaji wote. Muziki ungeharibika kwa kiwango hiki, lakini mhadhara husikika vizuri. Palipo na mwangwi wa ukumbi au kelele za feni, tunashauri kilobiti 32.

Jina tumelimalizia kwa `.ogg` makusudi. Simu za Android za toleo la 5 na kuendelea hucheza Opus, lakini matoleo ya kabla ya 10 yanaweza yasilitambue jina linaloishia na `.opus`. Mwenye simu ya kawaida ya vitufe atumiwe lile la AAC.

Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kubadili jina la faili kutoka `.mp4` kuwa `.mp3` na kudhani sauti imetolewa. Ukubwa wa faili ndio ushahidi: likibaki na megabaiti 420, picha ingali ndani. La pili ni kunakili sauti ya WEBM kwenda `.m4a`. Programu hukataa na kuacha faili tupu. Sauti hiyo inakiliwe kwenda `.ogg`, kwa kuwa tayari ni Opus.

Kabla ya kufuta video, linganisha urefu wa faili zote mbili, kisha sikiliza mwanzo, katikati na mwisho. Pale mhadhiri anaposema "tazameni mchoro huu" au anapoandika kanuni ubaoni, sauti peke yake haitoshi. Piga picha ya skrini ya mchoro huo, uandike dakika ulipoonekana, na uitume pamoja na sauti. Mhadhara ni kazi yenye hakimiliki, hivyo idhini ya mhadhiri au ya chuo iombwe kabla ya kuusambaza.