Rubani Anajuaje Alipo Bila Setilaiti?

Mawimbi ya setilaiti yakivurugwa, rubani bado anaweza kujua alipo kwa msaada wa vituo viwili vya redio vya ardhini, ambavyo mara nyingi hujengwa pamoja: VOR na DME.

Kwanza, VOR humpa mwelekeo. Kituo hurusha ishara mbili, kila moja ikipanda na kushuka mara 30 kwa sekunde. Upande wa kaskazini ya sumaku ishara hizo huenda pamoja. Ndege ikiwa upande mwingine, moja huchelewa. Tofauti ikiwa nyuzi 90, ndege iko mashariki ya kituo, kwenye mwale wa 090. Lakini mwale ni mrefu. Yuko wapi juu yake?

Pili, DME humpa umbali. Ndege hutuma ishara, kituo husubiri sehemu 50 za milioni ya sekunde, kisha hujibu. Tuseme jibu limefika baada ya sehemu 297. Toa 50, zinabaki 247. Kila maili ya baharini, kwenda na kurudi, huchukua sehemu 12.36 hivi. Ukigawa utapata maili 20. Basi ndege iko maili 20 mashariki ya kituo.

Tanabahi: umbali huu ni wa mshazari, kutoka angani hadi ardhini. Anayepita juu kabisa ya kituo kwa kimo cha futi 12,000 husoma maili 2, si sifuri.

Zoezi: jibu likifika baada ya sehemu 174, ndege iko maili ngapi?