Ng'ombe wa Mama na Hesabu Niliyoikosea

Wanachuo wenzangu, likizo iliyopita nyumbani Kharumwa nilimpigia mama hesabu ya ng'ombe wake chotara, nikajiwekea humohumo kodi ya chumba changu. Niliikosea vibaya, na kosa lenyewe ni la watu wengi.

Ng'ombe yule hutoa wastani wa lita 6 kwa siku. Ndama anapata moja, nyumbani inabaki moja, na nne zinauzwa kwa shilingi 1,200 kila moja. Kwa mwezi ni 144,000. Gharama zilikuwa hivi: pumba za mahindi na mashudu ya pamba kilo 3 kwa siku, 36,000; akiba ya kununulia mabua ya kiangazi, 12,500; dawa ya kupe, dawa ya minyoo na akiba ya bwana mifugo, 15,000; chumvi ya madini, 3,000. Jumla 66,500. Nikaona faida ya 77,500, nikafurahi.

Mama akaniuliza, "Mwanangu, na miezi asiyokamwa nani anamlisha?"

Hapo ndipo penye siri. Ng'ombe huyo anakamwa miezi 9, lakini toka kuzaa hadi kuzaa tena kwake ilipita miezi 15. Kwa hiyo hesabu ya mwezi inatafutwa kwa kugawa kila kitu kwa 15. Maziwa ya miezi 9 yanaleta 1,296,000. Ukigawa unapata 86,400 kwa mwezi. Pumba nazo zinashuka, maana akikauka anapewa kilo moja tu, wastani unakuwa 26,400. Gharama yote ni 56,900. Faida ya kweli ni 29,500, tena hatujamlipa anayekata majani.

Sasa kwa nini miezi 15? Mimba ya ng'ombe ni kama miezi 9, kwa hiyo huyu alishika mimba mwezi wa sita baada ya kuzaa. Joto hurudi kila baada ya siku 21 hivi na hudumu muda mfupi, mara nyingi usiku. Dalili ni kupanda wenzake, kutulia akipandwa, na ute mwangavu unaovutika. Ukilala, umepoteza wiki tatu. Angeshika mwezi wa tatu, mzunguko ungekuwa miezi 12, na kwa bei zilezile faida ingefika 47,500.

Akiba ya bwana mifugo usiiguse. Ukiona homa na tezi za chini ya sikio zimevimba, hiyo inaweza kuwa ndigana kali inayoletwa na kupe. Muite siku hiyohiyo, kwani ukichelewa unampoteza ng'ombe mwenyewe.

Bei za kwenu weka za kwenu. Ila kwanza muulize mwenye ng'ombe: alizaa lini, na kabla ya hapo alizaa lini? Mimi chumba nimetafuta cha bei nafuu zaidi.