Historia ya Mikopo kwa Jina la Mama Mwenyewe

Tuchukue mfano wa mama anayekaanga samaki sokoni. Kwa siku huuza shilingi 40,000, na baada ya kutoa gharama za samaki, mafuta na mkaa hubaki na 9,000. Wateja wengi hulipa kwa simu, lakini laini ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mumewe. Miaka mitano baadaye anaomba mkopo, naye afisa mikopo anataka kuona mzunguko wa fedha zake. Mzunguko upo, ila kwa jina la mume.

Hapo ndipo penye kosa, wala halikutokana na ubaya wa mtu. Taasisi ya fedha humtambua mkopaji kwa jina na namba ya kitambulisho cha taifa. Jasho la mama haliandikwi popote pengine. Kwa hiyo kwanza abonyeze *106# ili aone laini zilizosajiliwa kwa namba yake. Kisha asajili laini ya biashara na kufungua akaunti, majina yakifuatana vilevile kama yalivyo kwenye kitambulisho. Mama aliyeandika jina la ukoo wa mume benki, ilhali kitambulisho kina la baba yake, huweza kukuta kumbukumbu zake zimegawanyika.

Mauzo yote yaingie humo kwanza, hata yale ya fedha taslimu. Katika ile 9,000, atoe 4,000 ya nyumbani na kuacha 5,000. Kwa siku 26 za kazi, hiyo ni 130,000 kwa mwezi. Baada ya miezi sita anaweza kuomba mkopo mdogo, tuseme wa kurejesha jumla ya 330,000 kwa miezi sita, yaani 55,000 kila mwezi. Hata mwezi ambao samaki wameadimika, rejesho hilo halitamlemea. Alipe siku moja kabla ya tarehe, kwani taarifa za kuchelewa hupelekwa katika kanzidata ya taarifa za mikopo, na wakopeshaji wengine huzisoma.

Mkopo usio na riba wa Halmashauri, unaotokana na asilimia 4 ya mapato ya ndani iliyotengwa kwa wanawake, ni msaada mkubwa kwa mtaji. Hata hivyo mdaiwa wake ni kikundi, hivyo usitegemewe peke yake kujenga jina la mtu mmoja.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mke haki sawa na mwanamume ya kumiliki mali na kuingia mikataba. Haki hiyo ina upande wa pili: mkopo aliouchukua kwa jina lake akampa mume anunulie pikipiki utabaki deni lake yeye. Na akiweka saini ya udhamini kwenye mkopo wa mume, mume akishindwa kulipa, mkopeshaji atabisha hodi kwenye meza ya samaki.