Kiitikio Kinapokatika Mlimani

Kikundi chetu cha jogingi hukimbia kwa nyimbo. Mmoja anatoa, wengine tunaitikia, miguu inafuata pigo. Kwenye tambarare tunaimba nusu saa nzima bila kuchoka. Tukianza kupanda Makongo Juu, kiitikio kinadumu kwa dakika mbili hivi, kisha kinakatika, na kila Jumamosi kinakatikia karibu mahali pale pale. Hakuna aliyeamua kunyamaza. Kuimba mstari mmoja kunataka utoe pumzi taratibu kwa sekunde nne au tano, na kifua kimeshaanza kudai pumzi nyingine kabla mstari haujaisha.

Ukiuliza kwa nini, jibu la haraka ni kwamba oksijeni imepungua. Lakini mbane mmoja wetu kidole kwa kile kifaa cha kupimia oksijeni, naye akiwa mzima na yuko usawa huu wa pwani. Kwa kawaida utakuta damu yake bado imebeba oksijeni karibu kama alivyokuwa amekaa kitako, asilimia 96 au 97. Kinachomhemesha ni kitu kingine.

Tumpandishe mkimbiaji wa mfano kwenye mashine ya kukimbilia, tumvalishe barakoa inayopima hewa inayoingia na kutoka, tumwongezee kasi kidogo kidogo. Akitumia lita 2 za oksijeni kwa dakika, anapumua lita 48 za hewa, yaani lita 24 za hewa kwa kila lita ya oksijeni. Kabla ya hapo, kwenye kasi ndogo, uwiano ulikuwa huo huo. Sasa mwongeze kasi mpaka atumie lita 2.5. Kwa hesabu ile ile tungetegemea apumue lita 60. Mashine inaonyesha 66. Mstari uliokuwa umenyooka umepinda, na pale ulipoanza kupinda ndipo kwenye kizingiti cha kwanza cha upumuaji.

Hizo lita sita za ziada anazivuta za nini, ikiwa oksijeni inamtosha? Angalia hewa anayoitoa. Kwenye hatua ya kwanza alitoa lita 1.8 za kabonidayoksaidi kwa dakika. Kama uwiano ungebaki vile vile, sasa angetoa lita 2.25. Anatoa 2.45. Gawanya 48 kwa 1.8, halafu 66 kwa 2.45: mara zote mbili unapata karibu 27. Kumbe pumzi yake haikupotea njia hata kidogo. Tangu mwanzo ilikuwa ikiifuata kabonidayoksaidi, na kwa kuwa hewa hiyo imezidi, pumzi nayo imezidi. Haldane na Priestley walishaonyesha mwaka 1905 kwamba hewa hiyo ndiyo inayoongoza upumuaji wetu wa kila siku.

Basi swali linahama: hiyo robo lita kasoro kidogo imetoka wapi?

Ingia jikoni. Chukua kipande cha magadi, yale ya kulainishia maharage, kikamulie ndimu. Kinatoa povu. Ndani ya magadi mna bikaboneti, na asidi ya ndimu ikikutana nayo, matokeo ni maji na kabonidayoksaidi. Damu yako nayo ina bikaboneti, kama milimoli 24 katika kila lita, na milimoli ni kipimo tu cha wanakemia cha kuhesabia chembe. Misuli ikichoma sukari kwa haraka kuliko vinu vya ndani ya seli vinavyoweza kuimalizia, sehemu ya sukari hiyo inaishia kuwa lakteti, na pamoja nayo zinatoka ioni za haidrojeni, ambazo ndizo asidi yenyewe. (Wanakemia bado wanabishana ioni hizo zinatokea kwenye hatua ipi hasa, kwa hesabu yetu inatosha kwamba vyote viwili vinaonekana pamoja.) Ioni ikikutana na bikaboneti, yanatokea yale yale ya ndimu na magadi, ila bila povu, maana hewa inayeyuka kwenye damu na kusafirishwa hadi mapafuni.

Kila milimoli moja ya asidi inayozimwa hivyo inatoa takriban mililita 22 za kabonidayoksaidi. Mkimbiaji wetu ana ziada ya mililita 200. Hata tukihesabu kwamba yote imetokana na asidi, ni milimoli tisa tu kwa dakika. Asidi kidogo, lakini inasikika mpaka kwenye wimbo.

Jambo moja watu hulikosea hapa. Hewa hii ya ziada hutoka wakati asidi inapoongezeka, si wakati imejaa tu na kutulia. Kila ioni inayozimwa inakula bikaboneti moja, na povu likiisha, limeisha. Kwa hiyo anayepanda kwa kasi ile ile, lakteti yake ikasimama mahali pamoja, hana tena hewa hiyo ya ziada ya kutoa.

Akizidi kukaza mwendo, mambo yanabadilika tena. Bikaboneti imepungua, asidi haizimwi vya kutosha, damu yenyewe inaanza kuchachuka. Sasa mkimbiaji wetu anatumia lita 3.3 za oksijeni, anatoa lita 3.7 za kabonidayoksaidi, na anapumua lita 115. Gawanya: 31, si 27 tena. Pumzi imeipita hata kabonidayoksaidi. Mwili unaitoa hewa hiyo kwa kasi kuliko inavyotengenezwa ili kupunguza uchachu, kwa sababu kabonidayoksaidi ikiwa ndani ya maji nayo ni asidi. Hicho ni kizingiti cha pili. Hapo hakuna wimbo wala salamu; mtu anajibu kwa kichwa.

Amri ya kizingiti hiki cha pili inatoka shingoni. Pale mshipa mkuu unaopanda kichwani unapogawanyika, kila upande una kifundo kidogo kinachoonja damu. Corneille Heymans alipata Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1938 kwa kazi iliyohusu vionjo vya namna hii. Baadaye walipimwa wagonjwa wa pumu ambao walikuwa wametolewa vifundo hivyo kwa upasuaji. Walipofanya mazoezi makali damu yao ilichachuka kama ya mtu mwingine yeyote, lakini pumzi yao haikuruka kuufidia uchachu huo.

Karlman Wasserman na Malcolm McIlroy walikuwa na shida ya vitendo walipoandika kuhusu kile kizingiti cha kwanza mwaka 1964. Walitaka kujua kwa wagonjwa wa moyo ni wapi misuli inaanza kuelemewa, bila kuwakimbiza mpaka waanguke. Pumzi iliwapa jibu mapema.

Mimi hadithi hii naipenda, ila haifiki mpaka mwisho wa njia. Kuna ugonjwa alioueleza Brian McArdle mwaka 1951, ambapo misuli haiwezi kuvunja akiba yake ya sukari. Mgonjwa wake hatengenezi lakteti ya kutajika hata akijikamua vipi. Mwaka 1982 wagonjwa wa aina hiyo walipimwa wakiendesha baiskeli ya maabara. Damu yao haikuchachuka. Hata hivyo, mzigo ulipokuwa mzito kwao, walianza kuhema kupita kiasi. Huenda ni potasiamu inayovuja kutoka kwenye misuli, huenda ni neva za miguu inayouma, au ubongo wenyewe unaoikaza miguu na kifua kwa pamoja. Ndimu na magadi vinaeleza vizuri ile hewa ya ziada, lakini kwa watu wale magadi hayakukamuliwa ndimu hata tone, na bado walihema.