Kuandika Upya Barua Pepe ya Kuuza Bidhaa

Soma barua pepe hii. Katibu wa kikundi cha kubangua korosho mjini Mtwara anamwandikia meneja manunuzi wa hoteli moja ya Dar es Salaam. Hawajuani.

Mada: FURSA YA KIPEKEE!!!
Sisi ni vinara wa mnyororo wa thamani wa korosho na hakuna anayetufikia kwa ubora. Tunawapa nafasi ya ubia wa kimkakati katika W320 yetu. Hoteli yoyote makini haiwezi kuikosa. Tunasubiri oda yenu haraka.

Jiweke mahali pa meneja. Umeambiwa bei? Kiasi? Mzigo utafikaje? Hapana. Badala yake umeambiwa kwamba usiponunua, hoteli yako si makini. Barua ya namna hii hufutwa.

Sasa pima kila sentensi: je, mshindani anaweza kuiandika vilevile bila kubadili neno? "Hakuna anayetufikia" huandikwa na kila muuzaji, kwa hiyo haithibitishi lolote. Iondoe, uweke jambo ambalo msomaji anaweza kulihakiki.

W320 ni suala jingine. Huo si upuuzi. Ni daraja la korosho. W huonyesha kuwa ni nyeupe na nzima, na 320 ni idadi ya juu ya korosho katika ratili moja, yaani karibu gramu 454. (Wengi hukosea hapa: namba ikiwa ndogo, korosho ni kubwa zaidi. W240 ni kubwa kuliko W320.) Ukimwandikia msafirishaji wa korosho nje ya nchi, liache neno hilo, maana kwake ndiyo lugha nyepesi. Kwa meneja wa hoteli, eleza maana yake.

Barua iliyoandikwa upya:

Mada: Korosho kutoka Mtwara, sh. 24,000 kwa kilo
Habari za kazi. Mimi ni katibu wa kikundi cha wabanguaji korosho, Mtwara mjini. Tunauza korosho nyeupe, nzima, za ukubwa wa kati, ambazo hazijakaangwa. Tumezibangua mwezi huu na tunazo kilo 60. Bei ni shilingi 24,000 kwa kilo, pamoja na gharama ya kuzisafirisha kwa basi hadi Dar es Salaam. Je, nikutumie nusu kilo ya kuonja bila malipo? Ukikubali, nitajie jina na simu ya atakayepokea.

Ombi ni moja, na hujibiwa kwa mstari mmoja. Kuonja ni rahisi kukubali kuliko kuagiza kilo 60 kwa mtu usiyemjua.

Watahiniwa wengi wakiacha majivuno huangukia unyonge: "Samahani sana kwa usumbufu, tunaomba mtufikirie." Hilo nalo ni kosa. Katibu haombi msaada. Ana korosho nzuri na bei yake.

Zoezi: Mwandikie mwenye mgahawa wa Lindi usiyemjua, ukimuuzia pweza wakavu kutoka Msimbati. Usizidishe maneno 80.