Somo la Watoto: Uso, Ukingo na Pembe

Mwalimu mpendwa, na wewe mama unayemfundisha mwanao jikoni, somo hili ni la watoto wa miaka mitano hadi saba. Vifaa viko nyumbani: kiberiti, kipande cha mche wa sabuni, mkebe wa majani chai, chungwa, sarafu kadhaa, karatasi na kaa lililozimika la kuchorea.

Siku moja niliwaambia watoto wa nasari watenge vitu mafungu mawili, vya bapa huku na vitu vizima kule. Sarafu wakaziweka kwa bapa, nami nikawapigia makofi. Kisha kijana mmoja akazipanga zile sarafu moja juu ya nyingine, akaniuliza, "Mwalimu, sasa hii si mkebe?" Nilinyamaza. Kumbe mtoto ndiye alikuwa sawa. Sarafu ni mkebe mfupi sana: ina uso wa juu, wa chini, na ule mwembamba wa kuzunguka.

Tangu siku hiyo naanza na kitu kizima, na umbo bapa linatoka kwake. Weka kiberiti juu ya karatasi, pitisha kaa kukizunguka, halafu inua. Kilichobaki ni mstatili. Sasa mwambie mtoto auchukue ule mstatili kwa vidole. Hawezi! Atainua karatasi tu. Basi kiberiti tunakishika, lakini mstatili ni alama ya uso wake mmoja. Kilaze, kisha kisimamishe kwa upande mwingine na uchore tena. Utapata mistatili ya saizi tatu, na watoto wengine watadhani kiberiti kimebadilika.

Neno "uso" litawachekesha, watauliza macho yako wapi. Waambie ni upande unaoweza kuupapasa. Ukingo ni pale nyuso mbili zinapokutana, na pembe, au kona wanavyosema wenyewe, ni ile ncha inayochoma kiganja ukifinya.

Hesabu ndiyo huleta shida. Mtoto akigeuzageuza kiberiti mkononi atakuambia nyuso saba au nane, kwa sababu amehesabu nyingine mara mbili. Atie alama ya kaa kila uso anaouhesabu: zitatoka sita. Kila pembe abandike kidonge cha unga uliokandwa: vidonge vinane. Kwa kingo, kiberiti kisiguswe kabisa, kikae mezani. Zilizo juu ni nne, zilizo chini ni nne, zilizosimama ni nne. Jumla 12. Na hakikisha droo ya ndani imefungwa, la sivyo kuna atakayehesabu na kingo za ndani, na huwezi kumlaumu.

Sasa watenge vitu upya kwa kuangalia nyuso zake. Kiberiti na sabuni zina nyuso bapa tupu. Chungwa lina uso mmoja wa mviringo, halina ukingo wala pembe (kikonyo usikihesabu). Mkebe uko katikati: ukisimama juu ya sinia lililoinamishwa unateleza, ukilala unabingirika. Una kingo mbili za duara na hauna pembe hata moja. Je, una nyuso ngapi? Vitabu vingine huhesabu zile bapa pekee na kusema mbili, vingine huongeza ule uliopinda na kusema tatu. Usimkatae mtoto kwa hilo. Muulize tu, "Bapa ni ngapi, na uliopinda ni ngapi?" Akijibu mbili na mmoja, ameelewa.

Mwisho chukua kile kipande cha sabuni. Kiwe kirefu kidogo, na watoto watie alama ya kaa nyuso zote sita. Kabla ya kukikata katikati kwa kisu, waulize kila nusu itakuwa na nyuso ngapi. Karibu wote watasema tatu, maana nusu ya sita ni tatu. Usiwasahihishe. Kata, uwape kila kundi nusu yake wahesabu wenyewe. Watapata sita, na kingo 12, na pembe nane, kama mwanzo. Watabisha kwamba wenzao wamedanganya, watabadilishana vipande, wahesabu tena. Hapo waambie watafute uso usio na alama ya kaa. Kila nusu inao mmoja, mweupe na mbichi, pale kisu kilipopita. Zile nyuso nne ndefu nazo zimegawanyika, kila nusu ikabaki na kipande cha kila moja, na kaa lake bado linaonekana.