Somo: Puspus inakwama kwa kizingiti cha depo. Nguvu ngapi inahitajika?



Kwa depo nyingi kuko kizingiti cha simenti kwenye mlango, ili maji ya mvua yasiingie kwa mahindi. Ni kitu kidogo, santimetre 5 ao 6 tu. Lakini puspus yenye imetembea vizuri kutoka shamba inafika pale inasimama. Watu wanairudisha nyuma, wanakimbia nayo, wanagonga. Mara ya tatu inapanda, lakini gunia moja imepasuka na mti wa puspus umelegea. Katika somo hili tutapima nguvu yenye kizingiti kinaomba, na tutaona namna ya kuipunguza.

Tuchukue mfano. Puspus tupu ina kilo 50, na juu yake kuko gunia 3 za kilo 50. Jumla ni kilo 200. Mzigo umepangwa sawasawa juu ya chuma cha katikati, chenye kinashika magurudumu mawili, kwa hiyo mikono ya mwenye kuvuta haibebi uzito. Magurudumu ni ya gari: kutoka chini mpaka katikati ya chuma ni santimetre 30. Kizingiti kina santimetre 6.

Gurudumu linazunguka juu ya nini?

Wakati gurudumu linaanza kupanda, haligusi tena udongo. Linagusa kitu kimoja tu, ni ncha ya kizingiti. Pale ndipo linazungukia, sawa vile baramina inazungukia juu ya jiwe wakati tunang'oa mwamba. Na kwa baramina sisi wote tunajua: nguvu peke yake haitoshi, inafaa kuangalia pia umbali wake na lile jiwe. Nguvu mara umbali, hiyo ndiyo tunaita momenti.

Juu ya ncha ya kizingiti kuko momenti mbili zenye kupigana. Uzito unataka kurudisha gurudumu chini. Sisi tunataka kulizungusha mbele. Gurudumu linapanda wakati momenti yetu inapita ile ya uzito.

Umbali hizi mbili munaweza kuzipima bila hesabu ngumu. Leta puspus mpaka magurudumu yaguse kizingiti. Funga jiwe dogo kwa kamba, ininginize kutoka katikati ya gurudumu, halafu pima kulala kutoka kamba mpaka kwenye ncha ya kizingiti. Kwa mfano wetu ni santimetre 18. Huo ni umbali wa uzito. Kisha pima kusimama kutoka usawa wa juu ya kizingiti mpaka katikati ya gurudumu: 30 kutoa 6, ni santimetre 24. Huo ni umbali wa nguvu yenye inasukuma chuma cha katikati mbele, bila kwenda juu wala chini.

Momenti ya uzito ni 200 mara 18, ni 3600. Nguvu yetu mara 24 inafaa kufika hiyo 3600. Tugawanye: 3600 kwa 24 ni 150. Kwa hiyo kizingiti cha santimetre 6 kinaomba nguvu ya kilo 150, ni kusema sawa na kushikilia kilo 150 zenye kuning'inia kwa kamba. Mtu mmoja hawezi. Hata akiwa na misuli, miguu yake itateleza mbele puspus haijasonga, zaidi sana kama udongo umelowa.

Nguvu hiyo kubwa ni ya mwanzo tu. Gurudumu likisha kupanda kidogo, umbali wa uzito unapunguka na wetu unaongezeka. Ndiyo sababu puspus inakataa, inakataa, halafu inapanda kwa haraka na kuwaangusha wenye kusukuma. Mutu asisimame mbele yake karibu.

Kusukuma na kuvuta si sawa

Mara nyingi mikono ya mutu iko juu kuliko chuma cha katikati. Tuseme iko santimetre 50 juu yake, na santimetre 150 mbali nayo. Basi kila kilo 3 zenye zinaenda mbele, kilo 1 inaenda juu ao chini.

Ukivuta puspus nyuma yako, hiyo sehemu inaenda juu, inasaidia kunyanyua. Kila kilo 3 za mbele zinatoa momenti 3 mara 24, ni 72. Ile kilo 1 ya juu inaongeza 18. Jumla ni 90. Ili tufike 3600 tunahitaji mara 40, ni kusema kilo 120 za mbele.

Ukisukuma puspus mbele yako, ile kilo 1 inakandamiza gurudumu chini. Sasa 72 tunatoa 18, inabaki 54. Ili tufike 3600 tunahitaji karibu mara 67, ni kilo 200 za mbele. Puspus ni ile ile, kizingiti ni kile kile, lakini tofauti ni kilo 80.

Kwa hiyo, mbele ya kizingiti, geuza puspus na uivute. Kama kuko wasaidizi, wasisukume gunia kutoka juu. Washike mbao ya chini ya puspus, karibu na magurudumu, na wanyanyue huku wakisukuma.

Ubao, lakini uchongwe

Hata kilo 120 ni nyingi. Dawa nzuri ni kuondoa ngazi. Ubao wa urefu wa santimetre 60, wenye kupanda santimetre 6, unapanda moja kwa kumi. Hapo inahitajika tu moja ya kumi ya uzito, ni kilo 20, pamoja na ile nguvu kidogo yenye puspus inaomba hata kwa njia tambarare.

Lakini angalieni ncha ya chini ya ubao. Kama ubao una unene wa santimetre 2 na haujachongwa, ile ncha ni kizingiti kingine. Tupime: umbali wa uzito ni karibu santimetre 10,8, umbali wetu ni 28. Inatoka kilo 77. Urefu umepunguka mara tatu, lakini nguvu imebaki karibu nusu. Ndiyo sababu koperative zingine zinaweka ubao na kusema haufai kitu. Chonga ncha ile kwa panga mpaka ibaki nyembamba sana, ao chimba udongo kidogo ili ncha iingie chini.

Chini ya kila ubao weka mawe ao udongo wenye kukandamizwa, kwa sababu kila gurudumu linaleta kilo 100. Ubao ukipindika katikati, mbele ya gurudumu kunatokea mlima mwingine.

Neno moja juu ya matairi. Tairi laini linajikunja juu ya ncha, kwa hiyo nguvu ya kweli inaweza kuwa chini kidogo ya ile ya hesabu yetu. Lakini musitoe hewa kwa sababu hiyo: tairi laini inachosha njia yote, na ncha ya simenti inaikata.

Kabla ya mavuno, pimeni umbali mbili kwa depo yenu: zidisha uzito kwa umbali wa kwanza, gawanya kwa wa pili. Hesabu ikipita kilo 40 kwa kila mutu mwenye atavuta, tafuteni ubao.